Tangazo la ziara ya shule: mzazi aambiwe nini ili asipige simu mara ishirini

Kila muhula walimu wapya wananiuliza jambo lile lile: "Mwalimu, tangazo la ziara naandikaje?" Wengi wana rasimu tayari. Ukiisoma unakuta aya nzima ya salamu, aya ya pili ya faida za ziara kwa mtoto, kisha mstari mmoja chini kabisa: "Mchango ni sh. 27,000, tunaondoka asubuhi na mapema." Hapo ndipo simu zinapoanza kulia. Mapema ni saa ngapi? Chakula kimo kwenye hiyo pesa? Avae sare? Nimfuate wapi?

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: darasa la tano la shule ya msingi iliyoko Sinza, Dar es Salaam, linakwenda Bagamoyo Jumamosi na kurudi siku hiyo hiyo. Wanafunzi 42, walimu 4, dereva na msaidizi wake. Bei ni za mfano tu, ulizia zako. Hesabu yenyewe ndiyo ya kuiga.

Viwe mezani kabla hujaandika

Usiandike tangazo kwa kubahatisha ukitegemea kurekebisha baadaye. Tangazo la pili linalosahihisha la kwanza husomwa na nusu ya wazazi, na nusu nyingine hufuata lile la kwanza. Kwa hiyo kusanya kwanza:

- Kibali cha mwalimu mkuu kwa maandishi. Shule ya serikali iulize pia ofisi ya elimu ya halmashauri kabla ya kutaja pesa yoyote kwa wazazi.
- Bei ya basi kwa maandishi, na idadi ya viti. Hesabu viti vya kawaida, usihesabu vile vya kukunja katikati.
- Viingilio vya kila mahali mtakapofika. Bei ya mwanafunzi na ya mtu mzima mara nyingi si moja.
- Mpishi au mgahawa, na chakula chenyewe ni nini.
- Kalenda. Hakikisha siku na tarehe zinakubaliana, na angalia kama mnaangukia kwenye Mwezi wa Ramadhani, sikukuu au mitihani.
- Namba mbili za simu za walimu watakaokuwa ndani ya basi. Simu ya ofisi Jumamosi haina mtu.

Hatua ya 1: Yaliyo ya lazima yakae juu

Salamu mstari mmoja, inatosha. Baada yake weka wapi, lini, saa za kuondoka na kurudi, kiasi, na siku ya mwisho ya kulipa na kurudisha ruhusa. Mzazi anasoma karatasi yako akiwa amesimama kwenye daladala, au mtoto anaitoa kwenye begi saa mbili usiku ikiwa imekunjwa mara nne. Akiona mistari hiyo ya juu tu, awe ameshajua asilimia kubwa ya anachohitaji.

"Wapi" maana yake si "Bagamoyo" peke yake. Taja vituo: Magofu ya Kaole, Misheni ya Kikatoliki na makumbusho yake, Ngome Kongwe. Mzazi akisoma "Bagamoyo" bila maelezo, anachoona kichwani ni bahari. Kwa hiyo sema wazi pia kama watoto wataingia majini au la. Kama hawaogelei, andika "Hakuna kuogelea". Usipoandika, watoto watatu watakuja na nguo za kuogelea ndani ya begi, na mzazi mmoja mwenye hofu ya maji atamzuia mtoto wake bila kukuambia sababu.

Hatua ya 2: Andika saa ambayo haiwezi kusomwa mara mbili

Hapa ndipo matangazo mengi yanapoharibika, maana sisi tunaishi na saa mbili. Mdomoni tunasema saa kumi na mbili asubuhi, lakini simu inaonyesha 6:00. Mwalimu anayeandika huku anaangalia simu, kalamu yake huandika kile macho yanachoona.

Niliwahi kuandika mwenyewe kwenye tangazo: "Kurudi: 11:00." Kichwani mwangu ilikuwa saa kumi na moja jioni. Baba mmoja anayefanya kazi ofisi ambako kila kitu ni cha saa ya simu alisoma saa tano asubuhi. Alifika getini kabla ya adhuhuri, akamkuta mlinzi peke yake, akanipigia nikiwa katikati ya magofu. "Mwalimu, watoto wako wapi?" Nilipomwambia saa kumi na moja jioni alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa mbona hukuandika jioni?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile nina kanuni tatu. Kila saa ianze na neno "saa" na imalizike na sehemu ya siku: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni. Saa ya kufika shuleni na ya kurudi niziandike kwa maneno kamili angalau mara moja, "saa kumi na mbili na robo asubuhi". Na nisichanganye saa ya Kiswahili na ya simu ndani ya karatasi moja, hata kwenye mabano, kwa kuwa mzazi anayesoma harakaharaka huchukua tarakimu anayokutana nayo kwanza.

Tenganisha pia saa ya kufika shuleni na saa ya basi kuondoka. Ukitaja moja tu, wazazi wataichukua kuwa ya kufika, kisha wataongeza dakika zao za njiani. Kwetu tunaandika kufika saa 12:15 asubuhi na basi kuondoka saa 12:45 asubuhi. Nusu saa hiyo ndiyo ya kuita majina, kukagua dawa na kumpeleka chooni aliyesahau.

Saa ya kurudi iwe ya kweli. Kutoka Bagamoyo hadi Sinza ni kilomita kama 65, lakini ukishafika Bunju na Tegeta, foleni ndiyo inayoamua. Tukiondoka Bagamoyo saa 9:00 alasiri, siahidi saa 10:30. Naandika saa 11:00 jioni, na naongeza kwamba tukichelewa zaidi ya nusu saa nitatuma ujumbe tukiwa Bunju.

Hatua ya 3: Gharama, na kilicho ndani yake

Mzazi hakatai sana kiasi. Anachokataa ni kulipa mara mbili. Mwambie pesa hiyo inabeba nini na haibebi nini.

Kwa mfano wetu, basi ni sh. 630,000. Viingilio vya wanafunzi 42 kwa sh. 2,000 ni 84,000, na vya walimu wanne kwa sh. 4,000 ni 16,000. Mwongozaji wa wageni 50,000. Chakula cha watu 48 kwa sh. 5,000 ni 240,000. Maji ya kunywa, chupa mbili kila mtu, katoni nane za chupa 12 kwa sh. 5,000, ni 40,000. Ukiweka 74,000 ya dharura unapata 1,134,000. Gawanya kwa 42, kila mtoto sh. 27,000. Hesabu nzuri kabisa, na ni kosa.

Ni kosa kwa sababu wote 42 hawaji. Tuseme wamelipa 36. Umekusanya 972,000. Chakula, maji na viingilio vitapungua kidogo, lakini basi ni lile lile, mwongozaji ni yule yule, na walimu ni wale wale. Matumizi yako sasa ni 1,087,000, yaani umepungukiwa 115,000. Hata ukiila dharura yote, bado unadaiwa 41,000, na uko barabarani na watoto 36 bila hata senti ya dharura.

Gawanya kwa idadi unayoamini watalipa kweli, usigawanye kwa idadi ya daftari la mahudhurio. Kwa watoto 36 kiasi kinachofaa ni sh. 31,000. Wakija wengi zaidi kukabaki pesa, sema mapema kwenye tangazo itafanywa nini: itarudishwa, au itaingia kwenye ziara ya muhula ujao. Mzazi akilisoma hilo kabla ya safari haoni neno. Akilisikia baada ya safari anaona ameibiwa.

Andika na namna ya kulipa. Pesa apokee mhasibu kwa risiti, au iingie kwenye namba ya malipo ya shule, na jina litakalotokea kwenye simu ya mzazi anapolipa liandikwe kwenye tangazo ili ajue hajakosea. Usiweke namba yako binafsi. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, siku moja utashindwa kumtofautisha mama aliyetuma 31,000 ya ziara na mdeni wako aliyerudisha mkopo.

Kama shule ina njia ya kumsaidia mzazi asiyeweza, andika sentensi moja tu: "Mzazi mwenye changamoto ya malipo aonane na mwalimu wa darasa kabla ya tarehe fulani." Majina ya waliolipa na wasiolipa yasibandikwe ubaoni wala kutumwa kwenye grupu la WhatsApp la wazazi.

Weka pia siku ambayo baada yake pesa haitarudi. Sisi tunarudisha yote mpaka siku tunapolipa kianzio cha basi. Baada ya hapo tunarudisha chakula na kiingilio tu.

Hatua ya 4: Ruhusa ni karatasi, ukimya si ruhusa

Chini ya tangazo acha kipande cha kukata chenye mstari wa vitone. Mzazi akate, ajaze, asaini, arudishe. Juu ya kipande hicho andika sentensi hii bila kuizungusha: "Mtoto ambaye kipande chake hakijarudi hatapanda basi, hata kama amelipa." Na siku ya safari isimamie. Ukimwachia mmoja kwa huruma, ziara ijayo hakuna atakayerudisha.

Kipande kiwe na nafasi za mambo haya tu:

- Jina la mtoto na darasa.
- Jina la mzazi au mlezi, uhusiano wake na mtoto, na sahihi.
- Namba mbili za simu zitakazopatikana siku ile. Baba anayesafiri kwenda Mwanza siku hiyo si namba ya dharura.
- Ugonjwa au mzio: pumu, kifafa, selimundu, karanga, samaki, kutapika safarini. Dawa gani, saa ngapi, nani ampe.
- Ruhusa ya kupelekwa kituo cha afya kilicho karibu endapo mzazi hapatikani, na kama ana bima, kadi ipatikane.
- Nani atamchukua jioni.

Swali la ugonjwa usiliandike "Je, mtoto ana tatizo lolote la kiafya?" Mzazi ataandika "Hapana", maana pumu iliyotulia miezi sita haioni kuwa tatizo tena. Taja magonjwa kwa majina na uache visanduku vya kuweka alama. Kwetu, tulipobadilisha hivyo tu, karatasi tatu zilirudi na pumu ambayo hatukuwahi kuisikia tangu darasa la kwanza.

Hatua ya 5: Mavazi na vya kubeba

Hapa usiandike "mavazi nadhifu". Andika nguo. Kwa Bagamoyo: fulana ya michezo ya shule, suruali au sketi ya sare, raba au viatu vilivyofunga, kofia. Ndala hapana, maana Kaole unatembea juu ya mawe ya matumbawe yasiyo sawa. Pia pale kuna magofu ya misikiti na makaburi ya watu, kwa hiyo nguo ziwe za heshima. Sema sababu kwa maneno machache, wazazi wakijua sababu hawabishani.

Sare wote, hata kama watoto wanalilia nguo za nyumbani. Ukiwa na watoto 36 kwenye eneo lenye shule nyingine tatu, rangi ya fulana ndiyo inayokuhesabia.

Vya kubeba: daftari, kalamu, dawa yake kama anayo, mfuko kwa anayetapika. Pesa ya mfukoni isizidi sh. 5,000. Simu na vito vibaki nyumbani.

Hatua ya 6: Kuchukuliwa jioni

Kupeleka watoto ni rahisi, kurudisha kila mmoja mkononi mwa mtu wake ndiyo kazi. Tangazo liseme geti gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na kwamba mtoto atakabidhiwa kwa mtu aliyeandikwa kwenye kipande tu. Mzazi akimtuma mwingine, shangazi au dereva wa bodaboda anayemzoea, apige simu kabla, na ataje jina.

Wale wanaotembea wenyewe kwenda nyumbani siku za kawaida, mzazi aandike kwa mkono wake kama aruhusiwe hivyo siku hiyo. Usichukulie kwamba yale ya Jumatatu yanafaa Jumamosi jioni giza likikaribia.

Na usikubali kushusha watoto njiani. Kila ziara kuna mzazi wa Tegeta anayeomba, "Mwalimu, si mnapita hapa hapa?" Ukimshusha mmoja, daftari lako la majina halikubali tena, na kuna mwingine wa Mbezi Beach ameshasikia.

Likikamilika linakaa hivi

*Sinza, Jumatatu, 17 Agosti 2026*

*Mzazi/Mlezi wa mwanafunzi wa darasa la tano, salaam.*

*Darasa la tano litakwenda ziara ya mafunzo BAGAMOYO (Magofu ya Kaole, Misheni na makumbusho, Ngome Kongwe) siku ya JUMAMOSI, 19 SEPTEMBA 2026. Hakuna kuogelea.*

*Kufika shuleni: saa 12:15 asubuhi (saa kumi na mbili na robo asubuhi). Basi kuondoka: saa 12:45 asubuhi. Kurudi shuleni: saa 11:00 jioni (saa kumi na moja jioni).*

*Gharama: sh. 31,000. Imejumuisha basi, viingilio, mwongozaji, chakula cha mchana (wali, kuku, maharage, tunda) na maji. Haijumuishi kifungua kinywa, mtoto ale nyumbani. Pesa itakayobaki itarudishwa. Mwisho wa kulipa na kurudisha kipande cha ruhusa: Ijumaa, 4 Septemba 2026. Ukighairi baada ya hapo, utarudishiwa ya chakula na kiingilio tu.*

*Malipo: kwa mhasibu kwa risiti, au namba ya malipo ya shule … jina litakalotokea ni … Mwenye changamoto ya malipo aonane na mwalimu wa darasa kabla ya 28 Agosti.*

*Mavazi: fulana ya michezo, suruali au sketi ya sare, raba, kofia. Ndala haziruhusiwi. Abebe daftari, kalamu na dawa yake. Pesa ya mfukoni isizidi sh. 5,000. Simu abakishe nyumbani.*

*Kuchukua mtoto: geti kubwa, saa 11:00 hadi 11:45 jioni, na mtu aliyeandikwa kwenye kipande hapa chini.*

*Walimu watakaokuwa safarini: … simu … na … simu …*

Hilo linaingia ukurasa mmoja, pamoja na kipande cha kukata. Likivuka ukurasa, punguza salamu, usipunguze saa.

Toa karatasi kwa kila mtoto, kisha piga picha hiyo hiyo uitume kwenye grupu. Usiandike upya kwa kidole, maana tarehe hubadilikia hapo. Siku tatu kabla, tuma kikumbusho cha mistari miwili: saa ya kufika na mavazi, basi.

Mambo yakienda mrama

*Vipande havirudi.* Angalia kama mtoto aliifikisha karatasi. Waite walengwa tu, mmoja mmoja, wala usitume kikumbusho cha jumla kwa wote. Mara nyingi mzazi analala usingizi mtoto akitoka, na karatasi bado iko kwenye begi.

*Mtoto amefika asubuhi na pesa mkononi bila ruhusa.* Mpigie mzazi aje asaini kabla basi halijaondoka. Ruhusa ya simu isikubaliwe peke yake. Ikitokea jambo, huna cha kuonyesha. Mwalimu mmoja abaki shuleni siku hiyo kwa ajili ya watoto wa aina hii.

*Waliolipa ni wachache mno.* Fanya uamuzi siku ya mwisho ya malipo, na si usiku wa kuamkia safari. Wakiwa 25 chukua gari dogo ukokotoe upya, au ahirisha. Usiwapandishie bei waliokwisha kulipa.

*Basi limeharibika njiani.* Tuma ujumbe mmoja kwa wazazi wote wenye mambo matatu: mko wapi, watoto wako salama, saa mpya ya kufika. Kabla hujautuma, waambie walimu wenzako wasipokee simu na kutoa saa zao tofauti.

*Saa 11:45 imepita na mtoto mmoja bado yupo.* Piga namba ya kwanza, ya pili, kisha mkae naye ndani ya geti walimu wawili. Mtu asiye kwenye kipande akija, hata kama mtoto anamkimbilia kwa furaha, mpigie mzazi kwanza. Mzazi asipopatikana, mtoto anabaki na ninyi hadi apatikane, na mnamjulisha mwalimu mkuu.